18 Mbili Zisizofanana

Leo nimeingia studio na futi shingoni kama ninavyokaa nayo kila siku kibandani kwangu, na mtangazaji ameshanicheka. Ngoja niwaeleze kwa nini nimekuja nayo.

Wiki mbili zilizopita alikuja mteja wangu wa siku nyingi, nitamwita Mama Zai, akiwa na mfuko wenye magauni mawili aliyoyachagua kwenye mtumba wa Karume. Yote yametoka Marekani, yote ni ya kitambaa kisichovutika, na mikono yake inafika kwenye kiwiko. Akayatandaza juu ya meza yangu, akanionyesha lebo. Moja limeandikwa 18. Jingine limeandikwa 18W.

“Mwanangu,” akasema, “hizi si zote kumi na nane? Mbona hili linanibana mkono kama ule mpira wa kupimia presha, na hili limenikaa?”

Nikamwambia, mama, hizo ni 18 mbili, na hazijuani.

Basi mazungumzo yangu ya leo ni hiyo herufi W. Wengi wetu tunadhani W maana yake ni “kubwa zaidi”. Muuza mtumba naye atakwambia hivyo hivyo: hii ni ya mabonge, dada, chukua. Lakini W haielezi ukubwa peke yake, inaeleza umbo. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya wanawake, na imewekwa pale kutofautisha nguo hiyo na ile iliyochorwa kwa umbo la msichana. Wamarekani wanaziita zile saizi za kawaida “misi”, na hizi zenye W ni za mwanamke aliyekwishajaa. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa 14, 16 na 18 za misi, na papo hapo kikatoa 14W, 16W na 18W. Namba zinapishana katikati, ndipo mtu anapochanganyikiwa.

Kwa nini wasingeendelea tu kwenda mbele: 18, 20, 22, 24? Hapo ndipo kwenye siri ya kazi yenyewe, na mimi kama fundi napenda kuieleza kuliko kitu kingine.

Kiwanda hakichori kila saizi upya. Kinachora patani moja ya kati, mara nyingi saizi 8 au 10, kinamvalisha mwanamke wa kujaribia, kinarekebisha mpaka nguo ikae. Kisha patani hiyo inakuzwa hatua kwa hatua: inchi kadhaa kifuani, kiunoni na kwenye hipsi, na kidogo kidogo begani, shingoni na kwenye kwapa. Kwa hatua tatu nne hakuna tatizo. Sasa tuseme kila hatua unaongeza robo inchi kwenye mshono wa bega. Toka 8 mpaka 24 ni hatua nane, kwa hiyo kila bega limeongezeka inchi 2. Jamani, nani ana bega la namna hiyo? Mifupa hainenepi. Mwanamke akiongezeka kilo 30, bega lake linabaki karibu palepale. Kinachoongezeka ni titi, tumbo, mgongo wa juu pale sidiria inapokata, paja, na mkono sehemu ya juu. Ukikuza patani ya msichana kwa kuivuta sawasawa pande zote, unapata nguo ya msichana mrefu mwenye mabega ya mpiga makasia. Shingo inateleza, mshono wa bega unaangukia mkononi, na papo hapo mkono unabana.

Kwa hiyo wanaojua kazi yao wanasimama kwenye 16 au 18, wanatupa ile patani pembeni, na kuchora nyingine mpya kwa kumvalisha mwanamke wa 18W au 20W hasa. Kwenye patani hiyo bega linabaki jembamba, shimo la kwapa linashuka chini, mkono unapanuliwa, kiuno kinapewa nafasi, na kipande cha mbele kinarefushwa ili kipande juu ya titi na kushuka bila kulivuta pindo. Ndiyo maana nasema 18W haitokani na 18. Ni mtoto wa mama mwingine.

Wazo hili si la jana. Kule New York kulikuwa na mshonaji aliyehamia kutoka Lithuania, Lena Himmelstein Bryant, aliyefungua duka lake mwaka 1904. Alipokwenda benki jina lake la kwanza likaandikwa kimakosa, Lena likawa Lane, na kosa hilo likageuka jina la biashara: Lane Bryant. Alipata sifa kwanza kwa nguo za wajawazito. Mumewe Albert Malsin alikuwa mhandisi, na mhandisi haridhiki na kukisia. Alikusanya vipimo vya wateja wao wapatao 4,500, akaongezea takwimu za wanawake wapatao 200,000 kutoka kampuni ya bima. Alichokiona ndicho ninachokiona mimi kibandani: wanene si wa umbo moja. Aliwagawa makundi matatu, wale waliojaa mwili mzima, wale waliojaa juu, kifuani, na wale waliojaa chini, kwenye hipsi. Hapo nguo za wanene zikaanza kuchorwa kama kazi yenye hesabu zake.

Namba zenyewe zimebadilishwa majina mara nyingi. Nina karatasi ya vipimo ya patani za kushonea nyumbani, zile za bahasha. Mstari mmoja unasema kifua 42, kiuno 35, hipsi 44. Kwenye bahasha za miaka ya 1970 mstari huo uliitwa saizi 38 ya wanawake. Kwenye bahasha za leo mstari uleule, inchi zilezile, unaitwa 20W. Mwanamke hakubadilika hata unywele mmoja. Na ukikutana na nguo ya zamani yenye namba na nusu, kama 18½, ujue ilichorwa kwa mwanamke mfupi mwenye kiuno kilichojaa, ambaye mgongo wake toka shingoni mpaka kiunoni ni mfupi.

Serikali ya Marekani ilijaribu kuweka utaratibu. Idara yao ya Kilimo ilipima karibu wanawake 15,000 na kutoa ripoti mwaka 1941, ingawa hesabu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe tu. Mwaka 1958 kikatoka kiwango rasmi cha saizi. Viwanda havikulazimishwa kukifuata, na mwaka 1983 kikaondolewa. Tangu hapo kila kampuni ina karatasi yake, na kila moja inapenda kumpa mteja namba ndogo ili atoke dukani anatabasamu. Ndiyo maana mtu anayevaa 18W ya dukani anaweza kuhitaji 22W kwenye patani ya bahasha. Wateja wangu wakisikia hilo hununa. Nawaambia, namba ya bahasha haiendi kukutangaza msibani, inakaa ndani ya droo yangu.

Tuseme sasa umekubali kwamba lebo haitoshi. Unajipimaje?

Kwanza tafuta mtu akupime. Ukijipima mwenyewe mikono yako inanyanyua mabega, na futi inashuka mgongoni bila wewe kuona. Vaa sidiria utakayovaa na nguo hiyo, maana sidiria iliyolegea na iliyokaza zinaweza kutofautiana inchi nzima. Usipime juu ya dera na kanga. Na ikague futi yako: zile za kitambaa zikizeeka zinavutika. Ilaze juu ya rula, ukiona inchi 12 za rula hazifiki 12 kwenye futi, itupe.

Kiuno ndicho kinachosumbua zaidi kwa mwanamke mnene, kwa sababu hakionekani kwa macho. Mimi huchukua kamba nyembamba ya lastiki, namfunga nayo, namwambia ainame kushoto, kisha kulia, kisha akae kidogo. Kamba inatafuta mahali pake yenyewe. Pale ilipotulia ndipo kiuno kilipo, hata kama kwa nyuma kimekaa juu na kwa mbele kimeshuka. Naiacha kamba palepale, maana vipimo vingine vinaanzia hapo. Na tafadhali, usivute tumbo ndani. Gauni utalivaa harusini ukiwa umekula pilau.

Kifua nakipima mara mbili, na hapa ndipo wengi wanakosea. Mara ya kwanza napitisha futi juu ya matiti, chini ya kwapa, kuzunguka mgongo wa juu. Hiki nakiita kifua cha juu. Mara ya pili napitisha pale palipojaa zaidi, futi ikiwa sawa mbele na nyuma. Kifua cha juu kinanieleza mifupa: upana wa mgongo na mabega. Kifua kamili kinanieleza titi. Wanawake wawili wanaweza wote kuwa na kifua cha 44. Mmoja ana mgongo mpana na titi dogo, kifua cha juu 42. Mwingine ana mgongo mwembamba na titi kubwa, kifua cha juu 40. Ukiwapa nguo moja, mmoja wao atakuja kulalamika.

Hipsi nazipima pale palipojaa kuliko pote, na sijali ni inchi ngapi chini ya kiuno. Kwa mwingine ni makalioni, kwa mwingine ni juu zaidi, pale tumbo linapoanguka. Kisha namkalisha kwenye stuli na kupima tena. Mtu mnene akiketi hipsi zinaongezeka inchi 2, wakati mwingine zaidi. Sketi nyembamba inayotosha ukiwa umesimama ndiyo ile inayokatika mshono kwenye daladala.

Mwisho napima mkono, sehemu ya juu, pale palipojaa, mkono ukiwa umening'inia. Karatasi nyingi za vipimo vya dukani hazina hata mstari wa mkono. Zinauliza kifua, kiuno na hipsi, basi. Na mimi nakuhakikishia, nguo nyingi zinazorudishwa kwangu na wanawake wanene zinarudishwa kwa sababu ya mkono.

Ngoja nirudi kwa Mama Zai, maana nilimpima siku ileile. Kifua kamili 44. Kifua cha juu 40. Kiuno 38. Hipsi 47 akisimama, 49 akiketi. Mkono wa juu 16.

Kisha nikayapima magauni, na kipimo hiki unaweza kukifanya wewe mwenyewe pale mtumbani bila kuvaa kitu. Funga vifungo au zipu, laza gauni chali, linyooshe bila kulivuta. Pima toka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Fanya hivyo hivyo kiunoni, kwenye hipsi, na kwenye mkono pale chini ya kwapa.

Gauni la 18 lilikuwa na inchi 23 na nusu kwapa hadi kwapa, yaani 47 kuzunguka. Kifua chake ni 44, amebakiwa na inchi 3 za kupumulia. Kwa kitambaa kisichovutika hizo zinatosha. Kiuno 41, sawa. Kwa hesabu za dukani gauni hili ni lake. Lakini mkono ulikuwa inchi 7 na robo tatu, mara mbili ni 15 na nusu, na mkono wa Mama Zai ni 16. Kitambaa hakivutiki. Hata kabla hajalivaa ningemwambia halifai. Mkono unataka angalau inchi moja na nusu ya ziada, ndipo mtu aweze kushika bomba la basi.

Na alipolivaa yalionekana mengine. Mshono wa bega ulishuka nusu inchi mkononi. Toka kwapani zilitoka kunyanzi za mshazari zikielekea ncha ya titi, ile ni kitambaa kinaomba nafasi. Pindo la mbele lilipanda juu kuliko la nyuma kwa inchi moja na ushee, kwa sababu kitambaa kilitumika kupanda mlima wa kifua na hakikubaki cha kushukia. Ukiona pindo lako linapanda mbele, usikimbilie kulaumu tumbo. Angalia kifua kwanza.

Gauni la 18W lilikuwa 49 kifuani, 43 kiunoni, na mkono inchi 18 kamili. Ajabu iko begani: mshono wa bega ulikuwa mfupi kwa robo inchi kuliko wa lile jingine. Nguo kubwa, bega dogo. Hapo Mama Zai akaishika futi mwenyewe akapima tena, akidhani namchezea.

Akaniuliza kama ningeweza kulitanua lile la kwanza. Nikalifungua ndani nikamwonyesha. Nguo za kiwandani zimepigwa oveloki na kuachwa nafasi ndogo sana mshononi, huwezi kupata hata inchi moja ya kutoa. Kuna njia ya kushonea kipande cha umbo la almasi chini ya kwapa, nacho kinaupa mkono nafasi na kuuruhusu kunyanyuka. Lakini upate kitambaa kinachofanana, na hata hivyo pindo litabaki limepanda. Kwa hiyo kwa nguo iliyokwisha kushonwa sheria yangu ni moja: nunua kwa kile kipimo chako kilicho kikubwa zaidi, halafu nije nipunguze kwingine. Ubavuni kupunguza ni kazi ya nusu saa. Kwenye bega ni ngumu, kwa hiyo hilo lijaribu kabla ya kulipa.

Kwa nguo ya kushonesha mambo yanageuka. Mama Zai alitaka pia gauni la kitenge la sherehe ya mjukuu. Ningefuata kifua chake kamili cha 44, karatasi ya bahasha ingenipa 22W, ambayo ni 44, 37, 46. Kifua kingeenea, lakini shingo na mabega vingepwaya, maana mgongo wake ni mwembamba. Patani nyingi za bahasha zinachorwa kwa kudhani kifua kamili kinazidi kifua cha juu kwa inchi 2 hivi. Wake kinazidi kwa 4. Basi nikachukua kifua chake cha juu, 40, nikaongeza 2, nikapata 42. Hiyo ni 20W. Nikakata shingo, bega na kwapa kwa 20W, kisha nikaipasua patani mbele ya titi na kuitanua nipate zile inchi 2 zilizobaki, upana na urefu pamoja. Kiuno nikakiongeza toka 35 mpaka 38, hipsi toka 44 mpaka 47, na nafasi ya kuketi nikaitia kwenye marinda ya nyuma. Mwanamke mmoja, basi, ana 18W ya dukani, 22W kwa kifua, na 20W kwa mifupa. Zote ni za kweli.

Kabla sijaondoka, kuna mliouliza kuhusu X. XL na 1X si ndugu pacha. XL ni mkia wa saizi za kawaida, imekuzwa kutoka S na M. 1X ni mwanzo wa saizi za wanene, ina patani yake. Kila X inabeba namba mbili kwa pamoja: kwa kampuni nyingi 2X ni kama 18W na 20W ndani ya nguo moja, 3X ni 22W na 24W. Kwa blauzi inayovutika haidhuru. Kwa koti au gauni la kitambaa kigumu, nguo iliyobeba namba mbili itakuwa kubwa kwa mmoja na ndogo kwa mwingine. Na nguo za Uingereza nazo zina hesabu nyingine, 18 yao ni karibu na 14 ya Marekani, tena kwa kawaida hawaweki hiyo W. Kwenye belo lililochanganywa utakuta zote zimelala pamoja, kwa hiyo nenda na futi.

Mama Zai alibaki na gauni la 18W, nikalifupisha pindo inchi 2. Lile la 18 alimpa mdogo wake wa Kibaha, mwanamke mrefu, mabega mapana, mikono myembamba, naye ana kifua cha 44 vilevile. Limemkaa kana kwamba alipimiwa. Hakuniletea hata kifungo cha kukaza.